Tatizo limekwama na unamwandikia mkuu: namna ya kupanga ujumbe ili apate cha kuamua

Ujumbe ulio hapa chini ni wa mfano, lakini aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya afya ya mkoa atautambua mara moja. Msimamizi wa bohari ya chanjo anamwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa kwenye WhatsApp, usiku, baada ya wiki sita za kuzungushwa:

> Shikamoo Dkt. Samahani kwa usumbufu. Dkt kama unavyofahamu chumba baridi chetu kina shida ya muda mrefu na tumeshalalamika sana kwa watu wa manunuzi lakini hakuna ushirikiano kabisa, kila tukienda tunaambiwa subirini. Fundi alikuja akasema kompresa imekufa na ikifa na hii nyingine chanjo zote za mkoa zitaharibika na watoto watakufa. Tumechoka kufuatilia. Tunaomba utusaidie Dkt maana hali ni mbaya sana. Asante.

Jibu lake: "Poleni sana. Endeleeni kufuatilia, nitaongea nao." Wiki inapita, hakuna kilichobadilika, na bohari nzima inaamini kwamba mkuu hajali. Mimi naona vingine. Mkuu amejibu kile alichoombwa. Aliombwa msaada, akatoa pole na ahadi ya kuongea. Hakuna mahali alipoombwa kuamua jambo, kwa hiyo hakuamua.

Tutauchukua ujumbe huohuo na kuuandika upya ukiwa na sehemu tatu: usuli, athari, na uamuzi unaohitajika. Mkoa, tarehe na fedha ni za mfano. Kanuni za kutunza chanjo ni zile zinazotumika kazini kila siku.

Kwanza, soma majibu uliyokwisha kupata

Majibu mafupi ya wakubwa yanaonyesha kilichokosekana kwenye ujumbe wako. Ukijibiwa "Mmeshawasiliana na manunuzi?" au "Hili limeanza lini?", usuli wako haukueleweka, mkuu analazimika kurudi nyuma kutafuta ulipotoka. Ukijibiwa "Poleni" au "Vumilieni kidogo", athari imesomeka kama lalamiko la wafanyakazi waliochoka, wala si kama hatari yenye tarehe. Na ukijibiwa "Nimepokea", "Fanyieni kazi" au "Endeleeni kufuatilia", hukumwambia unataka afanye nini. Hili la mwisho ndilo linalojitokeza mara nyingi kuliko yote, na ndiyo sababu tunaanza nalo ingawa kwenye ujumbe wenyewe linahitaji kuandaliwa na mengine.

Hatua ya 1: Tafuta uamuzi kabla hujaandika chochote

Jiulize: mkuu huyu akitaka kunisaidia leo hii, atafanya nini kwa mkono wake mwenyewe? Atasaini barua gani? Atampigia nani, amwambie nini? Ataruhusu nini ambacho mimi siwezi kukiruhusu? Kama huna jibu, hujawa tayari kuandika. Bado una kazi ya kutafuta mahali tatizo lilipokwama.

Katika mfano wetu, msimamizi anaamini kwamba mkwamo uko kwa watu wa ununuzi. Basi aende kwenye Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, na safari hii asiulize "Lini?", kwa sababu jibu la "lini" ni "subirini". Aulize: "Ombi letu linasubiri nini, na kutoka kwa nani?" Ofisa wa ununuzi anafungua kumbukumbu na kumwonyesha kwamba ombi lilirudishwa tarehe 4 Agosti. Bei ya kompresa pamoja na kufunga ni Sh 11,800,000, na kifungu cha matengenezo kina Sh 4,200,000 tu. Zinapungua Sh 7,600,000. Fedha hizo zinaweza kuhamishwa kutoka kifungu kingine kwa idhini ya Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye ndiye Afisa Masuuli, lakini maombi ya kuhamisha lazima yatoke kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara ni Mganga Mkuu wa Mkoa mwenyewe. Hakuna aliyemwandalia barua hiyo.

Sasa tatizo limebadilika sura. Kwa wiki tatu na zaidi ombi halikuwa kwenye meza ya mtu yeyote. Ununuzi walisharudisha, bohari wanadhani bado liko ununuzi, na mkuu hajui kwamba saini yake ndiyo inayosubiriwa. Mambo mengi yaliyokwama ofisini yamekwama hivi, katikati ya meza mbili, na hakuna mwenye nia mbaya.

Zingatia pia mipaka ya unayemwandikia. Mganga Mkuu hana mamlaka ya kuidhinisha malipo hayo. Ukimwandikia "Tunaomba uidhinishe ununuzi wa kompresa", umemwomba asichoweza, na jibu la uungwana kwa ombi la namna hiyo ni "Nitalifikisha". Anachoweza ni kusaini maombi kwa Katibu Tawala. Mwombe hicho.

Kisha weka tarehe zote mezani, maana mara nyingi kalenda inaibua uamuzi wa pili. Leo ni Jumatano tarehe 27 Agosti. Muuzaji anahitaji siku 10 za kazi tangu apewe oda. Hata mambo yakienda vizuri na oda ikatoka Jumatatu tarehe 1 Septemba, kompresa itafika tarehe 15. Shehena ya chanjo ya robo mwaka kutoka bohari ya taifa imepangwa kufika tarehe 8. Kwa hiyo saini peke yake haitoshi: shehena itaingia kwenye chumba kisicho na mashine ya akiba. Hapo kuna jambo la pili la kuamua, nalo liko ndani ya uwezo wa Mganga Mkuu moja kwa moja: kuiomba bohari ya taifa isogeze shehena mbele, au kuipokea siku hiyohiyo na kuigawa wilayani haraka.

Kabla ya kwenda hatua inayofuata, zungumza na bosi wako wa karibu, ambaye hapa ni mratibu wa chanjo wa mkoa. Kuruka ngazi kunaumiza kuliko tatizo lenyewe. Mwonyeshe rasimu, umwombe aitume yeye au akuruhusu uitume na jina lake likiwemo. Mkuu akiona sentensi "Mratibu ana taarifa na amekubaliana na mapendekezo haya", hahitaji kumpigia mratibu kuuliza mbona amerukwa.

Hatua ya 2: Usuli, kwa tarehe

Usuli una kazi moja: kumfikisha msomaji mahali ulipo, bila yeye kurudi nyuma kukuuliza. Hauhitaji historia yote ya chumba baridi tangu kilipojengwa. Unahitaji kilichotokea, kilichofanyika, na mahali jambo lilipofika sasa.

Tazama maneno ya ujumbe wa awali: "shida ya muda mrefu", "tumeshalalamika sana", "kila tukienda". Yote yanabeba uchovu na hayabebi taarifa. Weka tarehe mahali pa kila moja:

> Mashine namba 1 ya chumba baridi ilizima tarehe 14 Julai. Fundi aliikagua tarehe 16 Julai: kompresa imeungua, haitengenezeki. Ombi la kununua nyingine (Sh 11.8 milioni) lilipelekwa ununuzi tarehe 21 Julai, likarudi tarehe 4 Agosti kwa sababu kifungu cha matengenezo kimepungukiwa Sh 7.6 milioni. Maombi ya kuhamisha fedha hayajaandikwa.

Sentensi nne, na mkuu anajua kila kitu anachokihitaji. Angalia pia kilichoachwa. Hakuna "hakuna ushirikiano", wala jina la ofisa yeyote. Ukimshtaki mtu, unamlazimisha mkuu awe hakimu kwanza: atamwita ofisa wa ununuzi, atasikiliza upande wake, na kompresa itangoja hukumu. Taja hatua iliyokwama, usimtaje mtu. "Maombi hayajaandikwa" ni kweli na hakuna anayeweza kukubishia, hata kama ni wewe uliyepaswa kuyaandika.

Jambo jingine la kuangalia ni nani alisema nini. "Fundi alisema kompresa imekufa" inaweza kuwa ni maneno ya fundi aliyepita akachungulia, au taarifa ya maandishi yenye vipimo. Kama ni taarifa ya maandishi, sema hivyo na uiambatanishe. Kama ni dhana yako, sema ni dhana. Mkuu akigundua baadaye kwamba ulichokiandika kama jambo la uhakika kilikuwa ni kusikia tu, meseji yako inayofuata ataisoma kwa mashaka.

Hatua ya 3: Athari, na hapa ndipo penye kazi

"Watoto watakufa" ni sentensi nzito, na mwandishi wake alikuwa na uchungu wa kweli. Lakini haimsaidii mkuu kuamua, kwa sababu haina tarehe wala kipimo, na kwa sababu yeye ni daktari na anajua kwamba kati ya kompresa na kifo cha mtoto kuna hatua nyingi. Ukimpa hatua hizo mojamoja, atafika mwenyewe kwenye uzito huo.

Gawa athari katika mambo mawili: kilichokwisha kutokea na kinachoweza kutokea.

Kilichokwisha kutokea kinatoka kwenye kumbukumbu zako. Chanjo za kwenye chumba baridi zinatunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Chumba cha aina hii hufungwa mashine mbili zinazopokezana, ili moja ikizima nyingine ibebe. Tangu tarehe 14 Julai moja inabeba peke yake. Usiku wa Jumamosi tarehe 23 Agosti umeme ulikatika na jenereta ikachelewa kuwaka. Kirekodi joto kinaonyesha joto lilipanda kutoka nyuzi 5 hadi 8 ndani ya saa nne na nusu, likafika 9.1, na likakaa juu ya 8 kwa saa tatu.

Hapa usizidishe. Virekodi joto vya siku 30 vinavyotumika kwenye majokofu ya chanjo vimewekwa kulia pale joto linapokaa juu ya nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Saa tatu kwenye 9.1 si maafa. Angalia alama ya VVM kwenye vichupa, ile yenye mraba ndani ya duara: mraba ukiwa bado na rangi nyepesi kuliko duara, na tarehe ya mwisho haijapita, chanjo inatumika. Basi andika hivyo: "Chanjo zimekaguliwa, VVM ziko sawa, hakuna iliyotupwa." Sentensi inayokiri kwamba jambo fulani bado ni salama ndiyo inayomfanya msomaji aziamini zile nyingine zinazosema kuna hatari.

Thamani ya tukio hilo iko kwenye zile saa nne na nusu. Sasa unajua, kwa kipimo cha chumba chako mwenyewe, mna muda gani kati ya mashine kuzima na joto kutoka nje ya kiwango. Ikizima saa saba usiku, mlinzi akaja kugundua saa kumi na mbili asubuhi, muda umeshapita. Hii ni hatari ambayo mkuu anaweza kuiona kwa macho.

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaiandiki, nayo ni kuganda. Mashine moja inapofanya kazi ya mbili, kuna kishawishi cha kushusha thamostati ili chumba "kipate baridi ya kutosha". Vichupa vilivyo karibu na kipulizio vinaweza kufika chini ya sifuri. Chanjo ya Penta, ya nimonia, ya HPV na ya pepopunda huharibika zikiganda, na VVM haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu yenyewe inapima joto lililozidi tu. Chanjo iliyoganda na kuyeyuka inaweza kuonekana sawa kabisa kwa macho, na inayoshukiwa hubainishwa kwa kuilinganisha na kichupa kilichogandishwa kwa makusudi, kwa jaribio la kutikisa. Kwa hiyo kwenye ujumbe, sentensi moja inatosha: "Nimezuia mtu yeyote kugusa thamostati na tunasoma joto mara nne kwa siku badala ya mbili." Inaonyesha kwamba unaijua hatari na umeishikilia kwa kadiri ya uwezo wako.

Halafu kinachoweza kutokea. Hesabu kwa dozi na kwa siku, kwani ndivyo mkuu anavyofikiri. Shehena ya robo mwaka ni takriban dozi 160,000. Ikiingia tarehe 8 Septemba, pamoja na akiba itakayokuwa imebaki, chumba kitakuwa na takriban dozi 200,000 kwenye mashine moja. Na kwa upande mwingine, akiba iliyopo inatosha hadi tarehe 1 Oktoba. Unapoitaja tarehe kama hii, ihesabu kwa ile chanjo iliyo chache kuliko zote, usichukue wastani. Bohari inaweza kuwa na Penta ya miezi miwili na BCG ya wiki tano. Kwa mama aliyefika kliniki na mtoto mchanga, mkoa umeishiwa siku BCG inapoisha.

Namba tatu zinatosha. Ukiongeza ya nne na ya tano, ile muhimu itapotea katikati ya nyingine. Mimi ningechagua saa nne na nusu, dozi 200,000 na tarehe 1 Oktoba. Kila moja inasukuma uamuzi upande fulani.

Hatua ya 4: Uamuzi, njia zilizopo na pendekezo lako

Usimpelekee mkuu tatizo lenye njia moja tu, kwani atahisi anasukumwa ukutani. Wala usimpelekee njia tano bila kusema wewe ungechagua ipi. Wewe ndiye unayekijua chumba. Pendekeza, halafu useme ubaya wa pendekezo lako.

Kuhusu fedha, njia ni moja, nayo ni kusaini barua. Mwandalie barua yenyewe, ikiwa imechapwa, yenye kifungu cha kutoa na kifungu cha kupokea, ili abaki na kazi ya kuisoma na kusaini. Hili linafupisha siku nyingi kuliko maneno yoyote matamu.

Kuhusu shehena, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuomba isogezwe kutoka tarehe 8 hadi 22 Septemba, wiki moja baada ya kompresa kufika, ili kuwe na muda wa kuifunga na kuijaribu. Ubaya wake ni kwamba tarehe 22 mkoa utakuwa umebaki na akiba ya siku tisa. Gari likiharibika njiani au kompresa ikichelewa, siku tisa ni chache. Ya pili ni kupokea tarehe 8 na kusambaza wilayani ndani ya siku mbili. Ubaya wake ni kwamba kati ya wilaya 7, ni 4 tu zenye nafasi ya kutosha kwenye majokofu yao, hivyo mzigo wa wilaya 3 utabaki kwenye chumba kisicho na akiba. Msimamizi wetu anapendekeza ya kwanza, na anaongeza kinga: kama kompresa haitakuwa imefungwa kufikia tarehe 18, atamjulisha mkuu siku hiyo ili shehena ikifika isambazwe haraka, kama kwenye njia ya pili, kwa zile wilaya 4.

Mwisho, tarehe ya mwisho ya uamuzi, pamoja na sababu yake. "Naomba jibu haraka" haina maana. Kila meseji kwenye simu ya mkuu inataka jibu haraka. "Kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu oda ikitoka baada ya Jumatatu kompresa haitawahi tarehe 15" ina maana. Tarehe isiyo na sababu husomeka kama amri, na kumpa mkuu amri ni kukosa adabu. Ikiwa na sababu, inakuwa taarifa.

Ujumbe ulioandikwa upya

Kwenye simu, mstari wa kwanza ndio unaoonekana kabla ujumbe haujafunguliwa. Usitume "Shikamoo Dkt" peke yake ukangoja "Marahaba" ndipo uendelee. Salamu ni lazima, ila iwe pamoja na jambo lenyewe. Na uamuzi unaohitajika uanze kutajwa hapohapo juu, kisha urudiwe kwa kirefu chini. Mkuu asome akijua mwisho wa habari ni upi.

> Shikamoo Dkt. Naomba uamuzi wako kwa mambo mawili kuhusu chumba baridi cha chanjo, kabla ya Ijumaa 29 Agosti saa 6 mchana.
>
> USULI: Mashine namba 1 ilizima 14 Julai, fundi ameandika kuwa kompresa imeungua na inahitaji kubadilishwa (taarifa nimeambatanisha). Ombi la ununuzi, Sh 11.8 milioni, lilirudi 4 Agosti kwa kuwa kifungu cha matengenezo kimepungukiwa Sh 7.6 milioni. Maombi ya kuhamisha fedha kwenda kwa Katibu Tawala hayajaandikwa, na yanapaswa kutoka kwako.
>
> ATHARI: Tunategemea mashine moja. Tarehe 23 Agosti umeme ulipokatika, chumba kilitoka nyuzi 5 hadi 8 kwa saa nne na nusu. Chanjo zimekaguliwa na ziko salama. Nimezuia mtu yeyote kugusa thamostati na tunasoma joto mara nne kwa siku badala ya mbili. Shehena ya 8 Septemba ikiingia kabla ya matengenezo, takriban dozi 200,000 zitakuwa kwenye mashine moja. Akiba ya sasa inatosha hadi 1 Oktoba.
>
> UAMUZI: (1) Kusaini maombi ya kuhamisha Sh 7.6 milioni, barua iko tayari kwa katibu muhtasi wako. (2) Kuridhia tuombe shehena isogezwe hadi 22 Septemba. Tutabaki na akiba ya siku 9 tu siku hiyo, lakini naona ni salama kuliko kupokea sasa, maana wilaya 3 kati ya 7 hazina nafasi ya kuhifadhi. Oda ikitoka baada ya Jumatatu 1 Septemba, kompresa haitafika tarehe 15 na mpango huu hautawezekana.
>
> Mratibu wa chanjo ana taarifa na amekubaliana na mapendekezo haya. Niko tayari kuja kueleza wakati wowote. Asante Dkt.

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na hilo si kosa. Unasomwa kwa dakika moja hivi na hauhitaji swali la pili. Mkuu anaweza kujibu "1 na 2 sawa" akiwa kwenye kikao, na kazi ikaanza.

Katika ofisi ya serikali meseji peke yake haitoshi. Inamwamsha mkuu, lakini haiwezi kuingia kwenye jalada wala kumkinga mtu ukaguzi ukija. Siku hiyohiyo andika dokezo sabili lenye maneno hayohayo, lipitie kwa mratibu, lipelekwe masijala lipewe namba ya folio. Tofauti ni chache: juu weka "YAH: MAOMBI YA UAMUZI KUHUSU CHUMBA BARIDI CHA CHANJO", neno "uamuzi" likiwemo kwenye kichwa cha habari, kwa kuwa "YAH: CHUMBA BARIDI" inasomeka kama taarifa ya kufahamishwa tu. Zile njia mbili za shehena zieleze kwa ukamilifu zaidi kuliko kwenye simu, na taarifa ya fundi na chati ya joto viwe viambatisho. Nakala mpelekee ofisa wa ununuzi. Asome mwenyewe kwamba hakulaumiwa. Utamhitaji wiki ijayo.

Hatua ya 5: Baada ya kutuma

Alhamisi jioni, kama hakuna jibu, usitume "Dkt, nakumbushia". Ongeza kitu kipya chenye kumsogeza: "Shikamoo Dkt. Barua ya kuhamisha fedha ipo mezani kwako tangu jana mchana, inasubiri saini. Muuzaji amethibitisha leo kwamba kompresa ipo stoo kwake." Ijumaa asubuhi nenda mwenyewe kwa katibu muhtasi, uliza mkuu ana nafasi ya dakika tano saa ngapi. Kupiga simu ni sawa pale muda unapokaribia kwisha, mradi ujumbe ulishatangulia na kinachobaki ni "ndiyo" au "hapana".

Akikataa, uliza sababu na uiandike. Kukataa ni uamuzi pia, na mara nyingine mkuu anajua jambo ambalo bohari hailijui, kwa mfano kwamba bohari ya taifa imeshasema shehena haitasogezwa. Hapo unarudi kwenye ile njia ya pili, na unayo tayari.

Akikubali kwa mdomo, barazani au kwenye simu, mwandikie kabla siku haijaisha, kisha dokezo liende kwenye jalada:

> Dkt, nashukuru. Kama tulivyozungumza leo saa 5: umesaini maombi ya Sh 7.6 milioni, na umeridhia shehena isogezwe hadi 22 Septemba. Barua ya bohari ya taifa naileta kesho asubuhi. Nitakupa taarifa ya kompresa tarehe 15, na tarehe 18 endapo itakuwa haijafungwa.